Mkono wa Inchi Thelathini na Nne

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu ulikuwa umeingia, na uso wa baba mkwe nilikuwa bado siujui. Kwao, kwenye milima ya kusini magharibi, mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, hapishani naye njiani, wala hakalii kiti alichokikalia. Wamisheni walihubiri jambo hilo liachwe. Watu wakaitikia kanisani, kisha wakarudi nyumbani wakaendelea kama kawaida. Mimi natoka upande mwingine wa nchi, na mwanzoni niliona ni majivuno ya wazee tu. Lakini nilikuwa nimempenda mtoto wao, basi nikafuata.

Tuliishi Temeke, chumba na ukumbi katika nyumba ya makuti, na cherehani yangu ilikaa ukumbini karibu na dirisha. Nilifundishwa kushona na masista wa misheni, na mashati ya kiume ndiyo niliyoyapenda kuliko kitu chochote. Baba mkwe alipoambiwa hayo, alijibu kwamba mwanamke aliyeacha jembe ili awapime wanaume vifua hajui anakokwenda. Maneno hayo yalinifikia mazima mazima, kwa sababu mume wangu hajui kuficha kitu. Yaliniuma, tena sana.

Ndipo mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, na mzee akatuma habari kwamba atashuka pwani kwa ajili ya ubatizo. Angelala kwa jirani yetu, mtu wa kwao, ili njia zetu zisikutane. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie baba nitamshonea shati la kuvaa siku hiyo." Sikuwa na namna nyingine ya kuzungumza naye. Akilivaa, nitajua nimepokewa. Akilikataa, nitajua pia.

Mzee alipofika kwa jirani, kwa kuwa mimi kumpima haikuwezekana, nilimpa mume wangu futi ya kupimia. Alikuwa karani bandarini, mtu nadhifu, wa kununua mashati ya dukani yanayokuja ndani ya boksi. Akarudi na vipimo vyake: shingo kumi na sita, mkono thelathini na nne.

"Thelathini na nne?" nikamwuliza. "Umempima baba yako au twiga?"

"Mie nimepima kama wanavyonipima dukani," akajibu, amenuna. "Na baba ana mikono ya kawaida tu."

Nikamwambia anionyeshe kwenye mwili wangu. Akaweka mwanzo wa futi kwenye mfupa unaochomoza chini ya kisogo, katikati kabisa ya mgongo, akaipitisha juu ya bega, akashuka nayo kwenye kiwiko kilichokunjwa kidogo mpaka kifundo cha mkono. Nikacheka. Sisi tulifundishwa kuanzia ncha ya bega, pale mkono wa shati unapoungana na kiwiliwili, kwa sababu fundi anakata mkono peke yake na lazima ajue urefu wa kipande hicho. Muuza duka hajali mshono umekaa wapi. Anataka kujua tu kama shati litafika kifundoni, basi anahesabu na nusu ya mgongo humo humo.

Ukutani nilikuwa na karatasi mbili za vipimo. Ya masista iliandika kwamba mtu wa shingo kumi na sita ana mkono wa inchi ishirini na tano. Nyingine, iliyotoka kwenye duka la vitambaa mjini, iliandika thelathini na tatu na nusu kwa shingo hiyo hiyo. Kwa muda mrefu niliamini ya pili imekosewa na mchapaji. Siku hiyo nilizitazama pamoja nikaona tofauti yao ni inchi nane na nusu, yaani nusu ya mgongo wa mtu mwenye inchi kumi na saba kutoka bega hadi bega. Karatasi hazikuwa zinagombana. Kila moja ilianzia mahali pake.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Nikatoa nane na nusu katika thelathini na nne, nikapata ishirini na tano na nusu, nikaandaa mkono, nikikumbuka kwamba kafu, ule ukanda wa kufungia kifundoni, nayo imo ndani ya urefu huo. Nilipokuwa nataka kukata kipande cha mgongo, mume wangu akasema, "Baba ana mabega. Alipasua mbao ujana wake wote." Akaenda kumpima mabega, akarudi na kumi na tisa na nusu. Nikaukata mgongo kwa kipimo hicho, nikaunga mkono niliokwisha kuuandaa, nikapiga pasi, nikalituma shati likiwa limekunjwa vizuri.

Mume wangu alirudi nalo mkononi. Mzee alikuwa amelivaa, akanyoosha mikono, na kafu zikamfunika nusu ya viganja. Alikuwa amesema, "Mkeo ananiona mimi mtoto wa kuvishwa nguo za kaka yake?" Kisha akavaa koti lake la zamani.

Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia mume wangu na futi yake, naye akazidi kushikilia kwamba thelathini na nne ni sawa na kwamba alipima mara mbili. Nikashika shati nikalipima kutoka katikati ya mgongo. Likasoma thelathini na tano na robo. Ile nane na nusu niliyoitoa ilikuwa ya mtu wa kwenye karatasi, mtu ambaye hakupasua mbao hata siku moja. Nusu ya mgongo wa baba mkwe ilikuwa tisa na robo tatu. Nilimpa mgongo wake mwenyewe na mkono wa mtu mwingine.

Nilimweleza mume wangu pole pole, nikimwonyesha kwenye kitambaa. "Nenda kamwambie," nikasema. "Mwambie kosa liko wapi. Lakini safari hii nataka vipimo viwili, mgongo mbali na mkono mbali, tena vipimwe na mtu anayejua ncha ya bega iko wapi."

Alikwenda. Nilidhani atarudi na futi tu. Nikasikia hatua za watu wawili uani, nikakimbilia chumbani na kuvuta pazia.

Sauti nzito, ya Kiswahili cha shule za zamani, ikasema ukumbini, "Mwambie mke wako nimekaa. Ninatazama nje. Mgongo wangu haumwoni, na kitakachonigusa ni futi."

Nilitoka. Mume wangu alisimama karibu na cherehani, hajui aweke wapi mikono yake. Mbele yangu kulikuwa na mgongo mpana kwenye fulana nyeupe, na kichwa chenye mvi kilichoelekea mlangoni. Niliweka futi kwenye mfupa chini ya kisogo, nikaenda nayo mpaka ncha ya bega: tisa na robo tatu. Nikaanza tena begani, nikashuka mpaka kifundo: ishirini na nne na robo. Nikaikunja futi.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "umepata?"

Hakuwa amewahi kuniita kitu chochote.

"Nimepata, baba."

Nilifumua kafu, nikapunguza kila mkono inchi moja na robo, nikazirudisha. Siku ya ubatizo wanawake tulikaa upande wetu, na yeye alikuwa mbele, upande wa wanaume. Padri alipomwita babu wa mtoto, alisimama katika shati langu na kunyoosha mikono yote miwili kumpokea, na kafu zikaishia pale pale kwenye kifundo. Nilimtazama mgongoni muda wote wa ibada.