Mtoto Aliyekaa Bila Jina

Mwanangu alifikisha mwezi wake wa pili akiwa hana jina la nyumbani. La ubatizo nilikuwa nimeshalichagua, jina la mtakatifu, lakini kwetu hilo ni la kanisani na la shuleni. Jina ambalo mtu anaitwa akiwa anakimbizwa na mbwa, jina ambalo anazikwa nalo, hilo hutolewa na wazee. Na mzee wangu alikuwa amefunga mdomo.

Baba yake mtoto alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa kaskazini mwa ziwa. Alipanda boti kurudi kwao nikiwa na mimba ya miezi mitano, akasema atarudi na wazee wake waje kujitambulisha. Simu yake ikalia kwa muda, kisha ikaacha kulia. Sitamsema zaidi. Nilimlilia vya kutosha, na machozi yenyewe yalikwisha kabla mtoto hajazaliwa, ila hakuna aliyeniuliza kama yamekwisha.

Papa, baba yangu mzazi, ni fundi seremala. Ametengeneza mitumbwi na boti tangu alipotoka Moba akiwa kijana, na ni Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele. Nilipomwambia ampe mjukuu jina, alisema jina la mtoto linatoka kwa ukoo wa baba yake, tungoje. Wiki ikapita, tukangoja. Mwezi ukapita. Pale mtaani Kataki mtoto akaitwa Mugeni, na wanawake wa bombani wakanitania kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, huyu wangu mbona hata jina hajapewa. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani sikucheka. Padri alikuwa tayari kumbatiza, alinieleza wazi kwamba Kanisa halimnyimi mtoto ubatizo kwa sababu baba yake hayupo. Mimi ndiye niliyekuwa naahirisha. Sikutaka kumpeleka mwanangu mbele ya watu na nusu ya jina.

Usiku mmoja nilimkabili Papa. Sikuwa na adabu sana, nakiri, sauti ilipanda. Yeye hakupandisha yake.

"Nikimupa jina, nimefunga mulango," alisema. "Bale bantu bakikuya, batakuta mutoto ni wetu. Hawatakuoa tena. Nani atakuoa?"

Kumbe hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ananishikia mlango wazi, mzee wa watu, mkono umeshachoka. Nilikasirika zaidi kwa sababu sasa sikuwa na haki ya kukasirika.

Ndipo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mwislamu, fundi cherehani, akapata mjukuu kwa binti yake. Mkwe wake, baba wa mtoto, alikuwa amekwama Kigoma na mzigo wake, meli haikuondoka. Akampigia jirani simu kwamba asingojwe, amsimamie akika, machinjo ya kumwombea mtoto, siku ya saba. Siku mtoto alipozaliwa jirani alikuwa ameshamwadhinia sikio la kulia na kumsomea ikama la kushoto, na kumsugulia tende iliyotafunwa kwenye kaakaa, ili utamu uwe kitu cha kwanza ulimini. Sasa alikuwa anatafuta mbuzi wawili, kwa kuwa mtoto ni wa kiume. Wa kike anachinjiwa mmoja. Aliwakagua sokoni kama anayeposa: meno, macho, miguu, mwenye kilema hafai, mgonjwa hafai.

Asubuhi ya akika Papa alivuka na shoka lake kwenda kusaidia. Kwetu nyama hupasuliwa kwa shoka, mfupa na vyote. Jirani aliliona shoka akaliondoa mkononi mwake kwa upole, akasema leo mifupa haivunjwi. Mbuzi wa akika hukatwa kwenye viungo, kila mfupa ubaki mzima, kwa kumwombea mtoto viungo vizima. Aliongeza kwamba masheikh wengine wanasema si lazima, ni kupenda tu, lakini yeye alitaka kwa kupenda. Papa alinung'unika kwamba hiyo itachukua siku nzima, kisha akaenda kuchukua kisu chake chembamba. Fundi anapenda kazi ya viungo, haijalishi ni ya mbao au ya mbuzi.

Mimi nilikuwa mlangoni na Mugeni mgongoni. Mbuzi wa kwanza alilazwa ubavu wa kushoto, uso kuelekea Kibla, na wa pili alikuwa amepelekwa nyuma ya nyumba asione. Jirani alificha kisu kwenye kanzu hadi dakika ya mwisho. Alisema Bismillahi, Allahu Akbar, kisha akasema kwamba hii ni akika ya fulani, akalitaja jina la mjukuu wake kwa sauti, na kisu kikapita. Kwa mbuzi wa pili alilitaja tena. Nilimwona Papa akiinua kichwa mara zote mbili.

Baadaye, wakiwa wanatenganisha bega na mbavu, Papa aliuliza kwa nini hakumngoja baba wa mtoto. Jirani alijibu kwamba angeweza. Siku ya saba ikipita ipo ya kumi na nne, na ya ishirini na moja, na hata baadaye. Lakini kwao mtoto yuko rehani mpaka achinjiwe. Na kuhusu babu mzaa mama, Mtume mwenyewe aliwachinjia wajukuu zake, watoto wa binti yake. Papa akakata mpaka bega likaachia.

"Na kama baba yake anarudia?" akauliza mwishowe.

"Atakuta mutoto iko na jina," jirani alisema. "Iko ubaya gani?"

Mtoto alinyolewa siku hiyohiyo. Nywele zenyewe zilikuwa kiganja kimoja chepesi, zikapimwa kwa mizani ya sonara, na thamani ya fedha ya uzito ule ikatolewa sadaka. Nyama ilipikwa, ikagawanywa: ya nyumbani, ya majirani, ya maskini. Tukala na bukari, ugali wetu, mpaka jioni, Wakristo kwa Waislamu, na mifupa mizima ikazikwa uani.

Bakuli moja halikuwa na nyama. Lilikuwa la tende na maandazi, na nililibeba mwenyewe kwenda dukani ninakofanya kazi, kwa kuwa mke wa bosi wangu hali nyama. Bosi ni Mhindi wa Gujarati, ameuza vitambaa Kalemie tangu nilipokuwa msichana, na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Mke wake alikuwa amejifungua binti, na nyumba ilikuwa bado kwenye siku za uzazi: hakuna sala mbele ya miungu, hakuna wageni, mpaka mama na mtoto waogeshwe na nyumba isafishwe. Usiku wa sita walikuwa wameweka karatasi tupu na kalamu karibu na mtoto, ili mungu mwandishi wa majaliwa aandike. Asubuhi karatasi ilikuwa tupu vilevile. Mama mtoto aliniambia hiyo ni kawaida, maandishi yale hayasomwi.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya jina. Kwao jina halitolewi na baba wala babu, hutolewa na shangazi, dada wa baba. Dada yake bosi yuko Gujarati. Bosi aliniita ofisini akasema shangazi ni mimi.

Nilidhani ananitania. Akanikumbusha kwamba mwaka uliotangulia, sikukuu ya kaka na dada, mke wake alinipa uzi mwekundu nimfunge mkononi. Nilifunga nikicheka, nikala pipi. Kumbe ule haukuwa mchezo. Anayefunga uzi ule ni dada. Dada wa kuzaliwa alikuwa amekubali kwa simu. Pandit, kuhani wao, naye kwa simu, alikuwa ameuliza saa hasa ya kuzaliwa, akaangalia mwezi ulikuwa kwenye nyota gani, akatoa silabi ya kuanzia. Majina ya silabi hiyo waliniachia mimi nichague.

Papa alikuwepo siku hiyo, maana ndiye aliyetengeneza susu ya mtoto, fremu ya mninga yenye kitambaa cha kuning'inia, na alikuwa bado anaikaza. Taa ya samli iliwashwa. Mtoto alilazwa kwenye kitambaa cha hariri pamoja na sarafu, popoo na majani. Mti wao mtakatifu hatuna, wakatumia majani ya mtini wa uani. Watoto wanne wakashika pembe nne wakambembeza wakiimba, wimbo unaosema shangazi ameweka jina. Nikainama sikioni mwake nikamnong'oneza, kisha nikalisema kwa sauti. Watu wote wakalirudia. Mtoto alipiga chafya.

Nilifurahi, na hapohapo nikaumia, vyote kwa pamoja. Nilikuwa nimetoa jina kwa mtoto wa watu wa mbali, mbele ya nyumba nzima, na wangu alikuwa amelala mgongoni mwangu akiitwa Mugeni.

Tulirudi kwa miguu, Papa na mimi, na kisanduku chake cha vyombo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa limeumia vya kutosha. Nilimwambia bila kumtazama:

"Papa, ule mulango nilishaufunga miye mwenyewe. Zamani. Usiushike tena."

Aliendelea kutembea. Karibu na nyumbani aliniuliza kama sitalia mbele ya watu. Nilimwambia sitalia. Sikujua amenisikia kwa sikio lipi.

Nilimwandikisha mtoto kwa ubatizo. Nilihudhuria mafundisho pamoja na mama wa ubatizo, dada yangu wa kwaya, nikanunua nguo nyeupe. Jumapili ile padri alitupokea mlangoni mwa kanisa, kama inavyotakiwa, na swali la kwanza kabisa la ibada ni lilelile kwa kila mtoto: mnampa mtoto wenu jina gani? Nilitaja jina la mtakatifu. Nikaishia hapo. Padri alisubiri kidogo, kisha akafungua mdomo aendelee.

Papa alitoka benchi la mbele akaja mlangoni, na kanisa zima likimtazama. Akasimama kando yangu akataja jina la nyumbani. Alitaja lake mwenyewe.

Padri akaniuliza kama ndivyo. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tunaomba nini kwa Kanisa la Mungu, mama wa ubatizo akajibu kwa niaba yangu: ubatizo. Akamtia ishara ya msalaba kwenye paji, baadaye mafuta kifuani, na kwenye kisima cha ubatizo akamwagia maji mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto alipiga kelele zilizofika bandarini. Akapakwa krisma utosini, akavishwa nyeupe, na mshumaa wake ukawashwa kutoka mshumaa wa Pasaka.

Kwetu watu wenye jina moja hawaitani kwa jina. Huitana ndoyi, mdogo kwa mkubwa, na huheshimiana kana kwamba umri ni mmoja. Papa alimchukua mtoto mikononi mwangu akatoka naye nje, nami nikawafuata. Kilio kilikuwa bado hakijakwisha. Alimweka shavuni, akamwambia kwa sauti ndogo:

"Ndoyi, usilie. Bantu batazania ni miye."