Nafasi ya Lori la Maziwa

Dada mpanga miadi ndiye aliyemaliza foleni pale ghalani: kila lori na saa yake, na mlango wake wa kushushia. Leo kampenyeza mjomba wake, asiye na miadi, kwenye nafasi ya lori la maziwa. Kumbe maboksi ya mjomba yanashushwa kwa mikono, moja moja! Uwanja ukajaa malori mpaka getini.

“Dada, mimi nimewahi,” dereva wa maziwa alisema kwa upole. “Dizeli ya friji inaniishia.”

Ule upole ndio uliomchoma. Afadhali angefokewa.

Akamfuata mjomba. “Toa lori mlangoni.”

“Nusu mzigo bado! Mimi niliyekulea?”

“Ndiyo, mjomba. Toa. Utamalizia jioni.”

Hakuthubutu kumtazama usoni. Wala kumtazama yule wa maziwa.