Poleni na Kazi

Redio yetu ya Iringa ilitangaza saa mbili asubuhi kwamba kipindi cha salamu cha jioni kinafutwa, nafasi yake inachukuliwa na michezo. Kazi yangu ilikuwa kusoma maoni kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni kwa siku nzima, kila saa, na kumwambia meneja watu wamepokeaje. Akiona hasira haipoi, angekirudisha. Ikipoa, angesaini mkataba na mdhamini wa michezo jioni hiyo hiyo.

Sikuwa na uchungu na kipindi chenyewe. Mimi ni mtu wa kupenda kazi iishe. Nilikuwa na daftari lenye safu nne: hasira, huzuni, utani, wanaounga mkono. Niliyapanga maoni kwa mapya kwanza, maana ukiuachia mtandao ukupangie, utasoma yale yale yenye vicheko vingi asubuhi mpaka jioni. Mtu akiandika mara tano, nilimhesabu mara moja. Hayo yote niliyajua, na nilijiona hodari.

Asubuhi walikuja vijana wa mjini. Matusi, vikatuni, "mmetuchoka sema tu". Saa sita wakaingia mashabiki wa mpira kuwajibu, ugomvi ukawa wao kwa wao, nikauandika pembeni kwa sababu haukuwa tena juu yetu. Kisha, kuanzia saa kumi, watu walipotoka shamba na sokoni, maoni yakabadilika. Yalikuwa marefu, na yalianza kwa salamu za adabu, nyingine za Kihehe. "Kamwene. Hongereni kwa kazi nzuri." "Shikamooni wakubwa, poleni na majukumu." Simu ilionyesha mstari wa kwanza na nusu, chini yake neno "Ona zaidi". Sikuona zaidi. Niliweka alama kwenye safu ya wanaounga mkono, moja baada ya nyingine, na saa kumi na mbili nikampelekea meneja ujumbe: hali inatulia, wengi sasa wako nasi.

Akasaini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufunga hesabu ya siku nzima, mtangazaji wa salamu alikuja kukaa kwenye meza yangu. Mzee mnuni, anatafuna karanga na kuacha maganda kwenye kibodi za watu. Alilitazama daftari langu, akauliza, "Hawa wanaoshukuru kufukuzwa kwangu ni akina nani?"

"Wasikilizaji wako, mzee. Soma mwenyewe."

"Wewe umesoma?"

"Nimesoma."

"Umefungua?"

Akasogeza kiti. "Dada, huku kwetu nani anaanza na shida yake? Mtu hata akija kukudai mbuzi wake, kwanza atakuuliza umeamkaje."

Na mimi nimezaliwa ukanda huu huu! Nimelelewa Uyole, Mbeya, na mama ambaye hakuombi hata chumvi bila kuuliza hali ya nyumba nzima. Nilifungua ujumbe wa kwanza. Baada ya hongera, bibi mmoja aliomba tusimwondolee sauti pekee inayomtaja jina. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Wa saba ulitoka kwenye akaunti ya mwanamke nisiyemjua.

"Poleni na kazi wanangu. Naandikiwa na jirani, macho yangu hayaoni vizuri. Binti yangu yupo hapo kwenu ofisini, simtaji asije akaona aibu. Ana kazi nyingi, nikipiga simu ananiambia mama nitakupigia. Sisikitiki. Kila jioni jirani ananifungulia redio yenu kwenye simu yake, namtumia salamu, kutoka kwa mama wa Uyole kwenda kwa binti wa Iringa. Najua anasikia. Sasa nitamsalimia wapi?"

"Huyu namsoma hewani kila siku," mzee akasema. "Sijui binti yake ni nani."

Nilikuwa nafanya kazi hatua kumi kutoka studio, kila jioni, vipokea sauti masikioni, nikisikiliza mambo yangu. Nilitamani kumwona mama wakati ule kama mtoto aliyeachwa getini siku ya kwanza ya shule. Niliandika ripoti upya, hasira kidogo, huzuni tele, nikaipeleka. Meneja aliisoma yote, akashusha pumzi. "Ungeniambia jana," akasema.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Mbeya. Mama alinichemshia viazi, akanipa kiti chenye mto, akaanza kuniuliza habari za Iringa, za baridi, za afya yangu. Habari ya redio hakuigusa. Mwishoni akauliza kama huko kazini wananitendea vizuri.

Nikamwambia wananitendea vizuri. Akashukuru Mungu. Sikuweza kumwambia kwamba aliyefunga kipindi chake ni mimi.