Amana ya Wifi Yangu

"Pesa yangu anayo yeye, halafu mdaiwa niwe mimi?" Wifi yangu aliitupa barua ya mama mwenye nyumba juu ya kitambaa cha mteja. "Hebu isome, wifi. Labda mimi sioni."

Haoni nini, mtu anayetunga uzi kwenye sindano taa zikiwa zimezimika? Alitaka mtu wa kugombana naye tu.

Huyu mke wa kaka yangu ni fundi cherehani. Anakutazama mara moja, gauni linakukaa. Ila kwa mambo ya nyumba ni mbishi. Alikuwa amepata chumba cha barabarani, mahali ambapo wateja wangeingia wenyewe, na mwenye chumba hangoji zaidi ya mwisho wa mwezi. Basi kodi ya mwezi wa mwisho ya chumba anachotoka akagoma kulipa. Mama mwenye nyumba aikate kwenye amana.

Barua ilimjibu bila tusi hata moja. Kodi ya mbele uliyolipa ulipoingia ilikuwa ya kukaa, umeikaa, imekwisha. Amana si kodi. Ni pesa yako niliyoishika mpaka utoke. Notisi ya mwezi umenipa, vizuri. Ukihama, nitakagua, utanipa funguo zote na risiti za maji na umeme, nitakata cha kutengeneza ulichoharibu. Rangi iliyopauka kwa kukaliwa sikati. Kinachobaki utakipata ndani ya wiki mbili.

"Ubaya wake nini?" nikamuuliza.

"Inakuja nikishahama. Mimi ya kuhamia naitaka leo."

Hapo alisema kweli, na iliniudhi kama vile pesa ni yangu. Lakini nikamuuliza habari za sinki. Akainama kwenye cherehani. Pasi ilimponyoka mwaka jana, sinki likapasuka, akaliziba kwa nailoni.

"Ukiila amana kama kodi, sinki atalipa nani? Kaka yangu?"

Jioni alizunguka kwa wateja waliovaa nguo bila kumalizia malipo, akarudi miguu imevimba, lakini kodi imetimia. Ya chumba kipya nilimkopesha mimi, pesa ya mchezo wangu wa upatu, nikilalamika mpaka noti ya mwisho.

Siku ya ukaguzi mama mwenye nyumba alisimama mbele ya ukuta uliopauka, akataka kuukatia nao pesa. Wifi akamfungulia barua.

"Mwandiko wa nani huu, mama?"

Mama akacheka puani. Akakata sinki peke yake, kwa risiti ya fundi bomba.

Wiki mbili zilikuwa zinaelekea kwisha wifi aliporudishiwa amana na kuniletea pesa yangu. Nikahesabu. Imepungua, na upungufu ni sawasawa na bei ya sinki. Nikamtazama. Akaanza kutafuta mkasi, nao uko mkononi mwake.

"Hizo ziache," nikasema. "Ila huko barabarani, pasi yako ikae mbali na sinki la watu."