Aliyesogeza Alhamisi

Pale ofisini walimwita Bi Ratiba, na jina lilimkaa. Kazi zote za kiwanda cha uchapaji zilipita kwenye programu aliyoisimamia yeye, na yeyote aliyechelewa, Bi Ratiba alimsema mbele za watu bila kupepesa macho.

Jumatatu hiyo mkurugenzi alikuwa amefura. Maonyesho ya mteja yalifunguliwa Jumamosi bila vipeperushi, na mkataba wa msanifu wa vipeperushi hivyo, kijana mpole aliyeitwa Kimya, ulikuwa unakwisha mwezi huo. Bi Ratiba alikwisha kumpaka matope vya kutosha: mvivu huyu, kazi ilitakiwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa Alhamisi. Kimya alijibu mara moja tu kwamba kwenye programu tarehe yake ilikuwa Jumatatu, yaani leo. Bi Ratiba akacheka.

"Basi tufungue historia ya kazi," akasema. "Tuone nani alijiongezea siku."

Akaifungua kwenye skrini ya ukutani. Mabadiliko mapya hukaa juu, kwa hiyo aliteremka taratibu, akifurahia, astaghfirullah, hadi akaufikia mstari: tarehe ya mwisho, kutoka Alhamisi kwenda Jumatatu. Imesogezwa kufuata kazi iliyotangulia. Mhusika: yeye.

Akasema mfumo una kasoro, na hata yeye alisikia jinsi ulimi ulivyomsaliti. Mkurugenzi akamwambia afungue hiyo iliyotangulia.

Ilikuwa kazi yake mwenyewe, kupokea picha kutoka kwa mteja. Jumatatu iliyopita, asubuhi, kabla ya kikao cha wakuu, ilisogezwa kutoka siku hiyo kwenda Ijumaa. Sehemu ya sababu ilikuwa tupu, lakini sababu aliijua. Alisahau kuzifuata picha, na hakutaka wakuu waone rangi nyekundu ya kuchelewa mbele ya jina lake. Alisogeza yake tu. Kazi iliyofungwa nyuma yake, ya Kimya, ikavutwa nayo siku nne zile zile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, naye alikichimba kwa kidole kimoja.

Angekomea hapo, labda angepona. Lakini chini ya kazi ya Kimya palikuwa na ujumbe wa siku ile ile: "Mama, tarehe yangu imesogea hadi baada ya maonyesho. Ni sawa?" Na chini yake, dole gumba la kukubali. Lake. Aligonga madole gumba mengi asubuhi ile, bila kusoma hata moja.

"Kwa hiyo ni nani?" mkurugenzi akauliza, ingawa wote walikuwa wanasoma.

"Mimi," akasema. Akamgeukia Kimya. "Mbona hukuwaambia kwamba nilikubali?"

Kijana alitazama meza.

"Nilidhani unakumbuka, mama. Nikasubiri useme mwenyewe."