Elfu Sita za Mama Pasi

Ile taarifa ya kodi mpya Mama Pasi aliikuta imepenyezwa chini ya mlango, Jumamosi asubuhi, akiwa na lundo la mashati ya watu kifuani. Aliyaweka mezani kwanza. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, na shati la mtu likidondoka sakafuni ni kulifua upya kwa sabuni yako mwenyewe.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Kuanzia mwezi wa nane, kodi ya vyumba vyake viwili ingepanda kwa asilimia ishirini, "kama mkataba unavyoruhusu," kutoka elfu mia moja na ishirini hadi elfu mia moja na hamsini. Chini kulikuwa na saini ya mwenye nyumba, imetetemeka kama ya mtu aliyeandikia gotini.

Alikaa kitako. Chumba kimoja alifanyia kazi, cha pili walilala yeye na baba yake, ambaye tangu apigwe na kiharusi alikuwa hainuki bila kushikwa. Mwezi mzuri, ukitoa mkaa, maji na dawa za mzee, kodi ya zamani ilikuwa inapatikana kwa shida. Mwezi mbaya alikuwa anamkopa kaka yake, dereva wa lori, naye kaka siku hizi simu yake ilikuwa inaita tu mpaka inakatika.

Jirani wa mlango wa pili, fundi viatu, alichungulia mlangoni akiwa na karatasi kama ile.

"Umeipata yako, Mama Pasi?"

"Nimeipata. Wewe je?"

"Sote tumepata. Tutafanyaje? Nyumba yake."

Jumapili mchana, baada ya kumlisha mzee uji, alitoa mkataba kwenye mkoba wa nguo na kuusoma kwa sauti, kwa sababu mzee alipenda kusomewa chochote. Kifungu cha sita kilisema mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi mara moja kwa mwaka, baada ya taarifa ya miezi miwili, na nyongeza isizidi asilimia ishirini ya kodi inayolipwa.

"Basi yuko sawa," alisema. Alichukua kalamu, akatoa mia na ishirini kwenye mia na hamsini, akapata thelathini. Akaigawa thelathini kwa mia na hamsini. Sifuri nukta mbili. Mara mia, ishirini. "Ishirini kweli, baba. Hatuna la kusema."

Mzee alikuwa karani wa ghala miaka mingi. Mdomo wake sasa ulikuwa umepinda upande, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa kuvutwa. Aliinua kidole cha mkono uliobaki mzima.

"Ya... zamani."

"Nini ya zamani, baba?"

"Gawa. Kwa ya zamani."

Alimwangalia, akaangalia karatasi. Akasoma tena kifungu: ya kodi inayolipwa. Kodi inayolipwa ilikuwa mia na ishirini. Ile ya mia na hamsini hakuna aliyewahi kuilipa. Aligawa upya, na safari hii jibu likatoka ishirini na tano.

Alianza kuandika papo hapo, mashati ya watu yakiwa bado na mikunjo.

"Mheshimiwa mwenye nyumba, salamu. Nimepokea taarifa yako na sina ubishi na haki yako ya kupandisha kodi. Ninaomba tu tuitazame hesabu pamoja. Kwanza, nyongeza: 150,000 kutoa 120,000 ni 30,000. Pili, asilimia yake. Mkataba unasema ni ya kodi inayolipwa, yaani 120,000. Kwa hiyo 30,000 gawanya kwa 120,000 ni 0.25. Ukizidisha kwa 100 unapata asilimia 25, siyo 20. Nadhani ishirini ilipatikana kwa kugawa 30,000 kwa kodi mpya ya 150,000. Hata mimi nilianza kwa kukosea hivyohivyo. Tatu, kiwango cha juu kinachoruhusiwa: 120,000 mara 20, gawanya kwa 100, ni 24,000. Ukijumlisha na 120,000, kodi mpya haiwezi kuzidi 144,000. Tofauti ni 6,000 kwa mwezi. Naomba unirekebishie taarifa. Mpangaji wako wa vyumba vya chini."

Alinakili barua nzima, nakala moja abaki nayo. Jumatatu alipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, barua na ile taarifa mkononi.

Mwenye nyumba alimpokea akiwa amevaa koti la baridi ndani ya nyumba. Sebule ilinuka dawa ya kuchua. Nyuma ya pazia mkewe alikuwa anakohoa kikohozi kirefu, kisichokuwa na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, binti yangu."

Alisoma barua taratibu, akirudia mistari kwa kidole. Kisha akachukua kikokotoo kikubwa, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Hesabu hii aliifanya mpwa wangu," alisema hatimaye. "Kijana wa kompyuta. Nami sikuitazama." Akavua miwani. "Uko sahihi. Ni mia na arobaini na nne."

"Ahsante, mzee."

"Ngoja kwanza. Mkataba wako unaisha mwezi wa kumi na mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sitautia saini mwingine." Hakusema kwa ukali. Alisema akitazama pazia. "Hospitali hawanipi mimi asilimia, binti yangu. Wananipa bei. Nikipata mpangaji wa kulipa laki mbili vile vyumba, nitampa. Sikufukuzi kwa sababu ya barua. Nilikuwa nimeshaamua niongeze kidogokidogo, lakini kama mkataba unanibana, acha uishe."

"Na baba yangu, mzee? Mtu asiyeweza kupanda ngazi nitampeleka wapi?"

Mwenye nyumba alitafuta kalamu. Alichukua ile taarifa, akafuta 150,000 kwa mstari mmoja, akaandika 144,000 pembeni na kutia saini. Kikohozi kilianza tena. Mama Pasi aliinuka, akaaga, akashuka ngazi akijishika ukutani.

Habari ya barua ilikuwa imemtangulia, kwani asubuhi alikuwa amemwonyesha fundi viatu. Wapangaji wanne walikuwa wanamsubiri koridoni, kila mmoja na karatasi yake, na mama muuza mboga akapiga kigelegele kifupi.

"Mama Pasi wetu! Tupigie hesabu na sisi!"

Angeweza kunyamaza. Zile nyuso zilikuwa zimefurahi, na ni muda mrefu hakuna mtu aliyefurahi kumwona isipokuwa amefuata nguo zake. Lakini aliwaambia yote, la elfu sita na la mwezi wa kumi na mbili.

Kigelegele kilizimika. Muuza mboga alikunja karatasi yake mara nne, akaitia kifuani. "Mimi nina watoto shuleni hapa karibu," alisema, kama anayeomba radhi. "Acha nilipe tu." Mwingine alikumbuka kuwa ana maji jikoni, na wa tatu akamfuata. Koridoni akabaki fundi viatu peke yake, akijikuna shingo kwa kidole chenye gundi.

"Mkataba wangu bado una mwaka na nusu," alisema. "Sijui kama inasaidia."

"Inasaidia. Ingia."

Ndani, mzee aliwageuzia macho, akitaka kujua. Mama Pasi alimwambia, "Ulikuwa sahihi, baba," akaishia hapo. La pili hakuwa na nguvu ya kulisema. Alisogeza pasi pembeni ya meza, akakaa, akamwomba fundi viatu karatasi.

"Sasa hivi unalipa ngapi?" aliuliza, na kalamu ikakwama karatasini, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa na hakuwa anaona mstari.