Bi Rula na Ukurasa Mmoja wa Mtunza Stoo

Afisa ajira wa kiwanda chetu cha sabuni tulimbandika jina Bi Rula, kwa kuwa hupima kila mtu kwa kipimo kile kile. Siku tulipochambua maombi ya cheo cha msimamizi wa stoo, nusura avunje meza.

Mtunza stoo wetu, miaka kumi na moja kazini, alileta wasifu wa ukurasa mmoja: "Natunza stoo, mnanijua." Mwombaji wa nje alileta kurasa nne, akadai ameongoza watu sita. Kwenye kigezo cha kuongoza watu, mhasibu, mwenzetu kwenye jopo, akampa wetu sifuri. Meneja akamwonea huruma. "Tumwongezee tano, ni mwenzetu."

"Sifuri ya nini, na tano za nini?" Bi Rula alifoka. "Ukongwe hatukuutangaza kuwa kigezo. Lakini tathmini zake tumeandika sisi, halafu tunajifanya hatuzijui! Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni sisi. Wa nje tutampigia mwajiri wake. Wa ndani tufungue faili."

Faili likafunguliwa. Ameongoza zamu ya watu tisa kwa miaka minne, na sahihi ni ya meneja mwenyewe. Akapata tisa kwa kumi. Meneja akalifunga haraka, akitabasamu.

"Lifungue," Bi Rula akaamuru. "Bado kigezo cha kumbukumbu za mzigo."

Ndani mlikuwa na barua mbili za onyo kwa daftari la mzigo kutolingana na stoo, zote za mwaka huu.

"Jamani, huyu si tunamjua?" meneja akalalamika.

"Ndiyo," akasema Bi Rula, akiandika mbili kwa kumi. "Tunamjua."